Kumuaga mwalimu bila kutia chumvi

Mwalimu wa darasa la kwanza anastaafu akiwa na miaka 60, na wenzake wamemteua mmoja wao aandike risala. Rasimu ya kwanza inakuja hivi:

"Mama yetu mpendwa, leo mioyo yetu inavuja damu na machozi yanatutiririka, kwani taa iliyotuangazia inazimika. Umeacha pengo lisilozibika milele. Hujawahi kumkasirikia mtu yeyote, na kila mtoto uliyemfundisha alijua kusoma. Hatutakusahau kamwe."

Dhana: Maneno yakiwa mazito, mapenzi yanaonekana zaidi.

Ukweli ni kwamba wasikilizaji wanamjua anayeagwa. Ukisema hajawahi kumkasirikia mtu, yule aliyekuwa akichelewa zamu ya asubuhi anamtazama jirani yake na wote wawili wanabana kicheko. Kila, kamwe, milele, yeyote: maneno haya yanamfanya msikilizaji atafute mfano wa kuyapinga, naye haukosi. Pengo lisilozibika nalo lina aibu yake, maana mwalimu atakayechukua darasa hilo huenda amekaa mstari wa pili.

Halafu kuna taa inayozimika na moyo unaovuja damu. Hiyo ni lugha ya msibani. Mama wa watu yu hai, amevaa kitenge kipya, anasubiri keki.

Kwa hiyo pitia rasimu ukiwa na kalamu, na kila sentensi uijaribu hivi: weka jina la mwalimu mwingine. Kama bado inafaa, haimhusu huyu. Katika rasimu yetu karibu kila kitu kinaanguka, isipokuwa dai moja lenye mbegu ya kweli, lile la watoto kujua kusoma. Hilo usilifute. Waulize waliofanya naye kazi alifanya nini hasa. Tuseme wanakueleza kwamba alikuwa akibaki na watoto waliochelewa kushika KKK baada ya kengele ya mwisho, na kwamba kadi za silabi alizikata mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni. Sasa unaandika:

"Mwalimu, kengele ya mwisho ilipolia sisi tulishika njia ya nyumbani. Wewe ulibaki na watoto ambao ba, be, bi zilikuwa bado zinawasumbua, na kadi ulizokata kwenye maboksi ya sabuni. Wengi wao walifika darasa la tatu wakisoma."

Angalia neno "wengi". Limechukua nafasi ya "kila mtoto", na papo hapo sentensi imeaminika. Kama hata "wengi" huna uhakika nalo, sema "tunawajua waliofika darasa la tatu wakisoma".

Dhana: Ukiondoa chumvi, risala inakuwa kavu kama ripoti ya ukaguzi.

Itakauka ukifuta hisia zote, na hakuna aliyekutuma kufanya hivyo. Bakiza sentensi moja ya moyoni, uiweke baada ya tukio, si kabla yake. Ukianza na machozi, watu hawajui wanalia nini. Ukishawaonyesha zile kadi, "tutakukumbuka saa za jioni darasa likiwa tupu" inatosha, na msomaji wa risala asishangae sauti ikimkwama hapo.

Dhana: Kutaja ukali wake ni kukosa adabu.

Inategemea ukali gani. Jambo ambalo yeye mwenyewe hulicheka hadharani linafaa: "Daftari lisilo na jalada hukulipokea, hata mwenye nalo alie." Sifa zinazofuata zitasikika kuwa za mtu halisi. Lakini ugomvi wa ofisini, afya yake na mambo ya nyumbani kwake hayana nafasi, hata kama shule nzima inayajua. Ukisita, mwonyeshe rafiki yake wa karibu mstari huo kabla ya siku yenyewe.

Dhana: Maneno ya desturi nayo ni chumvi, yafutwe.

Hapana. "Mheshimiwa mgeni rasmi" ni itifaki, iache. "Pale tulipokukosea, tunaomba utusamehe" husemwa katika kuagana kwingi, na bado ni ya kweli, kwa sababu watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka hawakosi kukwaruzana. Iseme mara moja tu. Ahadi ndiyo ya kuchungwa: "tutakutembelea kila wiki" haitatimia, naye anajua. "Tutakuita mahafali ya darasa la saba" inawezekana, mradi mtu mmoja apewe kazi ya kumpigia simu.

Mwisho, isome rasimu kwa sauti mbele ya mwenzako mmoja anayemfahamu mwalimu. Usimuulize kama ni nzuri, atasema ni nzuri. Mtazame usoni, na pale anapotabasamu mahali ambapo hukukusudia kuchekesha, piga mstari. Pale ulimi wako unapojikwaa au unapoharakisha ili upite, piga mstari pia. Ikibaki nusu ukurasa, peleka hiyo hiyo nusu.