Je, wajua kwa nini kisigino kinachouma asubuhi hunyamaza uwanjani?

"Nikiamka nachechemea. Juu kidogo ya kisigino panauma na tafu zimekaza. Nikishapasha mwili moto maumivu yanaisha, lakini kesho yake yamerudi. Kwa nini?"

Hapo ndipo lilipo kano la Akilesi, kamba nene inayounganisha misuli ya tafu na mfupa wa kisigino. Ukikimbia hufanya kazi kama springi: hunyooka ukikanyaga, kisha hurudi na kukusukuma mbele. Kwenye mbio hubeba mzigo wa mara 6 ya uzito wa mwili, au zaidi.

Mchukue winga aliyepumzika mwezi mzima, kisha akarudi na kufanya mazoezi siku 5 mfululizo, kila siku na mbio fupi za kasi. Mapafu na misuli huzoea upesi, kano huchelewa. Nyuzi zake zinahitaji siku moja hadi tatu kujijenga baada ya kazi nzito, naye anazikamua tena kabla hazijamaliza. Kano linavimba na kuwa nene; ukilibana kwa vidole viwili, sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, anaruka kwa maumivu. Tafu zikichoka hali huzidi, kwa sababu misuli dhaifu haimudu tena sehemu yake ya mzigo.

Usiku kano limetulia na kukakamaa, ndiyo maana hatua za kwanza zinauma. Joto la mazoezi hulilegeza na kupunguza maumivu, ila halijapona. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni asubuhi inayofuata. Ikiwa maumivu, kwa kipimo cha 0 hadi 10, hayakupita 5 wakati wa mazoezi na asubuhi hayajaongezeka, mzigo ule kano limeuweza. Yakiongezeka, punguza kwanza mbio za kasi na kuruka.

Kupumzika tu hakutoshi, maana kano linazidi kudhoofika. Simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, inua visigino kwa miguu miwili, kisha shusha kisigino taratibu kwa mguu unaouma. Fanya mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka na 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Lakini kama panapouma ni penyewe kano linaposhika mfupa, fanyia sakafuni, na usijinyooshe tafu kwa nguvu: kisigino kikishuka, kano hubanwa kwenye mfupa na kuwashwa zaidi. Wengi hukosea hapo.

Mchezaji akisikia mlio wa ghafla, akageuka kuona nani kampiga teke asione mtu, hilo ni jambo jingine. Mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, uminye tafu. Wayo usipocheza, huenda kano limekatika. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.