Kabla ya kupeleka barua City Hall: kibali cha harambee ya hadhara Nairobi

Barua nyingi ninazoletewa nizisome kabla hazijapelekwa City Hall bado zimeandikwa kwa "Karani wa Baraza la Jiji". Mtu amepata nakala ya zamani kanisani au kwa jirani, akabadilisha tarehe na jina. Baraza la Jiji lilikwisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi, na karani huyo akaondoka nalo. Mtaani bado tunasema kanjo, na hakuna ubaya, lakini barua iliyoandikiwa ofisi isiyokuwepo huzunguka masjala wiki nzima bila mtu wa kuijibu.

Kosa la anwani ni dogo na hurekebishika. Linalovunja shughuli nyingi ni kudhani kwamba kaunti ikishakubali, kila kitu kimekubaliwa. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti mambo yake: burudani za umma, bustani na viwanja vya burudani, kelele, na matangazo ya nje. Kuomba umma pesa kunasimamiwa na sheria ya kitaifa, Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106. Maandamano ya barabarani, hata yakiwa ya hisani, ni ya polisi chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Kwa hiyo harambee moja ina ruhusa tatu, na kila moja ina saa yake. Ukizipanga vibaya utajikuta una uwanja lakini huna haki ya kupitisha kikapu.

Tuchukue kikundi cha wazazi kule Jericho wanaotaka kuchangia matibabu ya mtoto mmoja wa mtaani. Wanataka kutembea kutoka Buruburu asubuhi, waingie Camp Toyoyo, kisha wafanye harambee hapo hadi jioni. Siku waliyochagua ni Jumamosi tarehe 20 Juni 2026. Wanatarajia watu mia nne.

Swali la kwanza ninalowauliza ni hili: uwanja ni wa nani? Camp Toyoyo ni wa kaunti, kwa hiyo barua inakwenda kwa Afisa Mkuu wa idara inayosimamia michezo. Wangechagua Jeevanjee au Uhuru Park, barua ingekwenda upande wa mazingira, wanaotunza bustani. Wangetaka Nyayo au Kasarani, kaunti isingekuwa na la kusema kuhusu uwanja wenyewe, kwa kuwa hivyo viko chini ya Sports Kenya. Uwanja wa shule una bodi yake. Na ule uwazi wa mtaani ambao kila mtu huamini ni wa umma, uulizie kwanza, maana mara nyingine una hati ya mtu binafsi. Neno la mlinzi wa getini kwamba siku hiyo ni wazi halihesabiki. Nimeona harusi na harambee zikikutana langoni asubuhi moja kwa sababu pande zote mbili zilizungumza na mlinzi.

Barua ya uwanja napenda ifike angalau wiki sita kabla, yaani kwa kikundi chetu mapema mwezi Mei. Iwe fupi, na imjibu afisa maswali yake kabla hajayauliza. Sehemu ya kati naiandika hivi:

"Tunaomba kutumia uwanja wa Camp Toyoyo Jumamosi tarehe 20 Juni 2026, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa mkutano wa kuchangia matibabu ya mtoto. Tutaingia saa kumi na mbili asubuhi kufunga hema na kuondoka saa kumi na mbili jioni baada ya kusafisha. Tunatarajia watu 400. Tutakuwa na hema nne, viti, spika mbili na jenereta moja. Hakutakuwa na pombe wala kiingilio. Msimamizi atakayekuwapo uwanjani muda wote ni mwenyekiti wa kikundi, ambaye nambari yake ya simu iko hapo chini."

Saa za kufunga na kufungua hema ndizo watu husahau. Wakiomba saa nne hadi saa kumi tu, wenye hema wakafika alfajiri, askari wa kaunti atawazuia langoni na atakuwa na haki. Idadi ya watu nayo msiipunguze ili mlipe kidogo. Kutokana na idadi hiyo afisa huamua kama mnahitaji vyoo vya kukodi, gari la wagonjwa na walinzi wa ziada. Watu wakizidi kile kilichoandikwa, kibali kinaweza kusitishwa siku ile ile. Uwanja ukiwa na nyasi za bandia, andikeni pia jinsi hema zitakavyoshikiliwa, kwa sababu vigingi huchana nyasi hizo na mtalipishwa. Tumieni mapipa ya maji au vyuma vizito badala ya vigingi.

Barua iambatane na cheti cha usajili wa kikundi ambacho hakijaisha muda, nakala za vitambulisho vya viongozi, mchoro wa uwanja unaoonyesha hema, jukwaa, vyoo na njia ya gari la dharura, na barua ya hospitali inayothibitisha mgonjwa na makadirio ya gharama. Mchoro wa mkono unatosha kabisa. Pelekeni nakala mbili, na ile mnayorudi nayo iwe imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo hamna cha kufuatilia.

Ombi likikubaliwa mtapewa ankara. Ada zimewekwa na Sheria ya Fedha ya Kaunti, inayopitishwa upya kila mwaka wa fedha, kwa hiyo kiasi alicholipa jirani mwaka juzi kisiwe ndiyo bajeti yenu. Malipo hupitia mfumo wa kaunti kwa nambari ya ankara yenyewe. Mtu akiwaambia mtume kwa M-Pesa yake ili mambo yaende haraka, pesa hiyo haitaonekana popote na barua yenu itabaki haijalipiwa. Siku ya shughuli askari huangalia barua na risiti kwa pamoja, na moja bila nyingine haifai kitu.

Hapa ndipo wazazi huniuliza: mbona tulipe, na hii ni hisani? Kuomba msamaha wa ada inawezekana, lakini ni ombi tofauti, kwa barua tofauti, na yule afisa wa dirishani hana mamlaka nalo. Katiba, ibara ya 210, inataka kila msamaha uandikwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 159, inaliweka suala hilo mikononi mwa waziri wa fedha wa kaunti kwa utaratibu wa sheria. Ndiyo maana ahadi ya mdomo ya "nitawasaidia" haina uzito hata ikitoka kwa mtu mwenye nia njema. Ipelekeni barua ya msamaha siku moja na ile ya uwanja, kila moja ikiitaja nyingine, na mpange bajeti kana kwamba mtalipa. Jibu la msamaha huchelewa, na tarehe 20 haitalisubiri.

Wakati barua ya uwanja inashughulikiwa, kikundi kiende kwa naibu kamishna wa kaunti eneo lao, upande wa serikali kuu, kwa leseni ya kuchangisha. Nendeni kwanza kwa chifu mpate barua ya kuwatambulisha, kwa kuwa anayewajua ndiye anayeweza kusema mtoto yupo na ugonjwa ni wa kweli. Mtaulizwa pesa ni za nini, zitakusanywa vipi, nani atazishika na gharama za shughuli ni ngapi. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu kabla ya kwenda, na nambari ya malipo iwe kwa jina la kikundi. Nambari ya simu ya mwenyekiti iliyochapishwa kwenye bango ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi wa baadaye, hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Mgeni wa heshima pia ni suala la kisheria. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, hadi ilipofutwa mwaka 2025, ilimzuia afisa wa umma kutumia cheo chake kukusanya michango, na Julai 2024 Rais alitangaza kuwazuia maafisa wa umma kushiriki harambee. Ushauri wangu kwa kikundi ni kumwalika mwalimu mstaafu, mchungaji, imamu au mfanyabiashara wa eneo. Diwani aliyewasaidia mnaweza kumshukuru kwa barua.

Sasa matembezi. Sheria inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi isiyopungua siku tatu na isiyozidi siku kumi na nne kabla. Watu huijua ile ya siku tatu na kusahau ile ya kumi na nne, kisha wanashangaa taarifa waliyopeleka mwezi mmoja kabla ikikataliwa. Kwa tarehe 20 Juni, mlango unafunguka tarehe 6 na kufungwa tarehe 17. Mimi ningepeleka Jumatatu tarehe 8, ili pakitokea tatizo pawe na siku za kulirekebisha. Taarifa iwe na jina kamili na makazi ya mwandalizi, tarehe, saa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na njia yote mtaa kwa mtaa. Njia ikikatiza maeneo ya vituo viwili, kila kituo kipate nakala, na mwombe askari wa trafiki kwenye kila makutano mtakayovuka.

Hii ni taarifa, si ombi, na ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki ya kuandamana kwa amani. Sababu anayoweza kuwapa mkuu wa kituo ni kwamba mtu mwingine ameshatangulia kutoa taarifa ya mahali hapo kwa saa hizo, na hapo atawaomba mbadilishe siku au mahali. Akiwaambia kitu kingine, mwombeni kwa heshima akiandike.

Spika zinabaki kuwa suala la kaunti na la kanuni za kelele za 2009. Nje katika eneo la makazi kiwango cha mchana ni desibeli 50, na mchana wa kanuni hizo huisha saa mbili usiku, kisha kinashuka hadi 35. Spika mbili za harambee zinavuka 50 kwa urahisi, kwa hiyo leseni ya kelele iombwe pamoja na uwanja. Mabango nayo yasichapishwe wala kubandikwa kwenye nguzo kabla ya kibali, kwa sababu matangazo ya nje yana ada yake na tarehe bado inaweza kuhamishwa.

Asubuhi ya tarehe 20 mwenyekiti awe na faili moja mkononi: barua ya uwanja na risiti yake, leseni ya kuchangisha, nakala ya taarifa yenye muhuri wa polisi, na leseni ya kelele, zote halisi, na nakala nyingine zibaki kwa mtu wa langoni. Kabla hema ya kwanza haijafungwa, pigeni picha za uwanja wote na lango, mkiwa na msimamizi wake, kisha mpige tena jioni baada ya kusafisha. Kama mliweka amana, picha hizo na saini ya msimamizi ndizo mtakazoambatanisha kwenye barua ya kuidai, na Jumatatu inayofuata barua hiyo iwe imefika.