Kampuni kubwa ya ukaguzi au ya mzawa: mhitimu wa uhasibu apime kwa kipi

Mhitimu wa uhasibu mwenye barua mbili za ajira mkononi, moja ya kampuni ya ukaguzi yenye jina la kimataifa pale Dar es Salaam na nyingine ya kampuni ya wazawa yenye wafanyakazi wasiozidi kumi na watano, kwa kawaida ameshaamua kabla hajatuuliza chuoni. Jina kubwa limeshinda. Huenda kweli ndilo linalomfaa, ila sababu anazozitoa mara nyingi siyo zenyewe.

Kwanza tuelewane kampuni hizo ni nini. PwC, Deloitte, KPMG na EY si kampuni moja yenye mwenyewe mmoja Ulaya au Marekani. Ni mitandao. Kwa kawaida kampuni ya kila nchi au kanda ni ya wabia wake, na wanachotumia kwa pamoja ni jina, mbinu za kazi, programu za kompyuta na masharti ya ubora. Ripoti ya ukaguzi inayotolewa Tanzania lazima isainiwe na mtu aliyesajiliwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iwe imetoka kwenye ghorofa la katikati ya jiji au kwenye ofisi ya vyumba viwili Mwanza. Kwa hiyo atakayeamua upande cheo au usipande ni mbia aliyepo hapahapa. Safari za kwenda kufanya kazi nje zipo, lakini ni utaratibu wa kampuni moja kuiazima nyingine mtu, na kwa kawaida humkuta aliyekwisha kuwa mkaguzi mwandamizi.

Upande wa sifa ya taaluma ni hivyohivyo. Kufaulu mitihani ya CPA peke yake hakutoshi kusajiliwa kuwa mhasibu kamili. Unahitaji pia uzoefu wa miaka mitatu ya kazi inayokubalika. Bodi haiulizi jengo lenu lina ghorofa ngapi. Inachotaka kujua ni ulichofanya.

Basi tuangalie kinachofanywa. Chukueni vijana wawili wa mfano, tuwaite Neema na Baraka, wameanza kazi mwaka uleule.

Neema yuko kampuni kubwa. Januari anapelekwa benki na timu ya watu wanane, naye anapewa mali za kudumu. Anachukua rejesta ya mali, anachagua sampuli ya vilivyonunuliwa mwaka huo, anatafuta ankara na idhini ya kila kimoja, anakwenda kuziona mashine za kutolea fedha kwenye matawi, kisha anakokotoa uchakavu upya. Anakuta programu ya kompyuta ya shilingi milioni 180 ambayo kumbukumbu za benki zinaonyesha ilianza kutumika Oktoba, lakini rejesta inaanza kuhesabu uchakavu wake Januari. Muda wake ni miaka mitano, yaani milioni 36 kwa mwaka, milioni 3 kwa mwezi. Imekosekana miezi mitatu, milioni 9.

Anaandika. Mkuu wake anamrudishia karatasi na maswali: tarehe ya kuanza kutumika umeitoa wapi, nani wa benki alikuthibitishia, umeangalia kama programu nyingine zina kosa hilohilo? Kila swali lazima lijibiwe kabla faili halijafungwa. Halafu zile milioni 9 hazibadilishi kitu. Benki ikiwa na faida ya shilingi bilioni 30 kabla ya kodi, na timu ikitumia asilimia 5 kama kiwango cha umuhimu, kosa linaloweza kugusa maoni ya mkaguzi linaanzia karibu bilioni 1.5.

Baraka yuko kampuni ya wazawa. Wao ni wawili tu kwa mteja, duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Tarehe 31 Desemba alikuwa ghalani akihesabu saruji, nondo na mabati. Sasa yeye ndiye anayeshika urari wote: benki, wadaiwa, wadai, mishahara, kodi. Analinganisha mauzo ya vitabuni, shilingi bilioni 2.4 bila VAT, na jumla ya ritani kumi na mbili za VAT za mwaka huo, bilioni 2.28. Pengo ni milioni 120. Anapochimba anakuta milioni 75 ni saruji iliyotoka ghalani siku za mwisho za Desemba, risiti za EFD zikatolewa Januari; mauzo ya vitabuni yako sawa, ila VAT yake imechelewa mwezi mzima. Milioni 45 zilizobaki ni mauzo ya mkopo yaliyotoka kwa hati ya kupokelea mzigo tu. Risiti haikutolewa kabisa, wala ritani haina habari nayo.

VAT ya asilimia 18 kwenye milioni 45 ni milioni 8.1, kabla hata ya riba na adhabu. Faida ya duka ni milioni 96. Kwa kipimo kilekile cha asilimia 5, kiwango cha umuhimu ni milioni 4.8. Alichokiona Baraka kinabadilisha hesabu za mteja, na lazima mtu akae na mwenye duka amweleze. Katika kampuni ndogo, mtu huyo anaweza kuwa Baraka mwenyewe, mwaka wake wa kwanza.

Makosa hayo mawili yanakaribiana kwa ukubwa, lakini funzo lake halifanani. Neema amejifunza kuandika ushahidi ambao mtu asiyemjua anaweza kuusoma mwaka ujao akafikia hitimisho lilelile. Baraka amejifunza jinsi biashara nzima inavyoshikana, toka ghalani mpaka TRA, na jinsi ya kumwambia mzee mwenye duka jambo asilotaka kulisikia. Neema atapita pia karibu na viwango ambavyo Baraka huenda asikutane navyo kwa uzito huo, kama hesabu za mikopo chechefu chini ya IFRS 9. Nasema karibu, kwa sababu mwaka wa kwanza sehemu hiyo hapewi. Inafanywa meza ya pili kutoka kwake.

Kila upande una ugonjwa wake. Kwenye kampuni kubwa ni kung'ang'anizwa sehemu moja. Ukifanya mali za kudumu vizuri, mwaka unaofuata meneja anakuomba tena kwa sababu ana haraka, na wa tatu vilevile. Utatoka na jina zuri kwenye wasifu wako, lakini ukiulizwa kwenye usaili namna ya kukagua mapato, utababaika. Kwenye kampuni ndogo ugonjwa ni karatasi kutokaguliwa na mtu. Mbia ni mmoja, wateja ni wengi, na mwezi Juni kila mteja mwenye mwaka unaoishia Desemba anataka hesabu zilizokaguliwa kabla miezi sita ya kupeleka ritani ya kodi ya mapato haijaisha. Faili la mwaka jana linafunguliwa, tarakimu zinabadilishwa, ripoti inasainiwa. Kijana anayelelewa hivyo miaka mitatu anakuwa na uzoefu wa kunakili, na hajijui, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumrudishia karatasi.

Ndiyo maana swali ninalowasihi wahitimu waulize kwenye usaili ni dogo: karatasi zangu atazipitia nani, na baada ya siku ngapi? Mahali penye mafunzo, jibu huja na cheo cha mtu na muda. Ukiambiwa "hapa sote ni familia, tunasaidiana", uliza tena kwa namna nyingine. La pili, mtafute aliyeingia mwaka mmoja au miwili kabla yako umuombe akutajie sehemu za ukaguzi alizofanya mpaka sasa. Usimuulize kama anaipenda kazi. Akitaja sehemu moja au mbili tu baada ya misimu miwili, umeshajibiwa, hata kama jengo lina lifti ya vioo.

Sasa vyeo. Kwenye kampuni kubwa cheo cha kwanza, kutoka mkaguzi msaidizi kuwa mwandamizi, hufuata miaka na mitihani kuliko ushindani. Ugumu uko mbele. Tufanye hesabu ya mfano: kampuni inachukua wahitimu 20 kila mwaka, na mtu hukaa miaka mitatu kila ngazi. Wote wakibaki, kungekuwa na wasaidizi 60 na waandamizi 60. Lakini kazi inahitaji mwandamizi mmoja kwa wasaidizi watatu, yaani 20 tu, kwa hiyo kati ya kila kundi la 20 wanapata nafasi kama saba. Meneja mmoja akisimamia waandamizi wanne, mameneja ni watano. Wakikaa miaka mitano mitano, inafunguka nafasi moja kwa mwaka. Wengine hawafukuzwi. Wanaondoka wenyewe, na wengi huchukuliwa na benki, migodi na kampuni za simu walizokuwa wakizikagua. Ukiingia huko, ujue kwamba uwezekano mkubwa cheo chako kikubwa utakipatia nje.

Kampuni ya wazawa haina mkupuo wa kila mwaka, kwa hiyo hakuna foleni inayosogea. Unaweza kuongoza ukaguzi mwaka wa pili na kuitwa mwandamizi mapema kuliko Neema, japo mwajiri wa nje atalipima jina hilo kwa wateja uliowashika. Dari lake ni kiti cha mbia. Uliza wabia waliopo, ni wangapi waliingia hapo kama wasaidizi? Kama hakuna hata mmoja, na warithi wanajulikana kwa ukoo, panga miaka mitatu au minne kisha uende. Kama wapo, hiyo ni kampuni ya kufikiria kwa uzito, hasa ukitaka siku moja kufungua ofisi yako.

Mitihani ya Bodi hufanyika Mei na Novemba, na hili huamua cheo zaidi ya wanavyodhani wengi, kwa kuwa pasipo CPA hakuna anayekupandisha mbali popote. Msimu mkali wa kampuni kubwa ni Januari mpaka Aprili. Wa kampuni ndogo huelekea zaidi Mei na Juni. Wote wawili Mei inawabana, wa kampuni ndogo hata zaidi. Pata kwa maandishi siku za likizo ya mitihani, na kama wanalipa ada, soma sharti la kurudisha fedha ukiondoka mapema.

Ushauri wangu kwa mwenye barua zote mbili ni aanze na kampuni kubwa, kwa sababu mlango wa kutoka huko kwenda ndogo uko wazi wakati wote, na wa kurudi ni mwembamba. Kampuni kubwa hupenda kuchukua watu wakiwa wabichi. Ila kampuni ya wazawa yenye wabia watatu au zaidi, wateja wa aina mbalimbali na mtu anayerudisha karatasi kwa maswali, naiweka juu ya kampuni kubwa inayokupeleka idara ya kazi moja inayojirudia.

Aliyekwisha kuingia na kukwama bado ana nafasi. Mgawanyo wa watu kwa msimu unaokuja hupangwa kabla mwaka haujaisha. Mwezi wa Oktoba nenda kwa anayepanga, ukiwa na orodha ya sehemu ulizokwisha kufanya, umtajie kwa jina ile unayoitaka na mteja ambako unaweza kuifanyia.