Viwanja vya Dodoma vikihama mita 300: Arc 1960 na WGS 84 ndani ya QGIS

Chukua koodineti za bikoni, yaani nguzo za mipaka ya viwanja, kutoka kwenye ramani ya zamani ya upimaji ya Dodoma, zipakie kwenye programu ya ramani ya QGIS, kisha weka picha ya setilaiti chini yake. Mara nyingi utakuta umbo la viwanja halina kasoro, pembe na urefu wa pande viko sawa, ila vyote kwa pamoja vimekaa karibu mita 300 kaskazini ya mahali vilipo, na vimesogea kidogo magharibi. Barabara ya mtaa inakatiza katikati ya kiwanja, na kiwanja kinaangukia shamba la jirani.

Wengi wakiona hivyo huanza kumlaumu aliyepima, au huburuta leya kwa mkono mpaka ikae juu ya picha. Nawaomba sana msifanye hivyo. Huo mhamo una mwelekeo wake na kipimo chake, na ukiupima tu utajua ulikotoka.

Upimaji wetu wa miaka mingi umejengwa juu ya datumu ya Arc 1960. Datumu ni msingi unaosema koodineti zinahesabiwa kutoka wapi. Arc 1960 inatumia elipsoidi, yaani umbo la dunia la kihesabu, iitwayo Clarke 1880, na nukta yake ya msingi iko Buffelsfontein, Afrika Kusini. GPS na picha za setilaiti zinatumia WGS 84, ambayo ina elipsoidi nyingine na kitovu kingine. Vitovu vya elipsoidi hizo mbili haviko mahali pamoja ndani ya dunia, vimeachana kwa mita mia kadhaa. Kwa hiyo bikoni moja, iliyosimama palepale ardhini bila kutikisika, ina jozi mbili za namba na zote ni sahihi. Kwa hapa Dodoma, ukitoka Arc 1960 kwenda WGS 84 katika kanda ya 36 kusini ya UTM, gridi ya mita inayoigawa dunia katika kanda, namba ya Mashariki huongezeka kwa karibu mita 77 na ya Kaskazini hupungua kwa karibu mita 306. Ukizisoma namba za Arc kana kwamba ni za WGS, kiwanja kitaruka kinyume chake, yaani kaskazini na kidogo magharibi. Ndiyo picha niliyoieleza hapo juu.

Shamba la zabibu upande wa Mkonze

Tuchukue shamba moja la zabibu upande wa Mkonze. Mwenye shamba ana nakala ya ramani ya upimaji yenye jedwali la bikoni, na kijana wake amezunguka mipaka akichukua nukta kwa GPS ya mkononi. Anataka vyote viwili vikae juu ya picha ya setilaiti ili aone kama uzio wake umevuka mpaka. Namba nitakazotumia ni za mfano, ila zinaendana na eneo hilo. Bikoni ya kwanza kwenye jedwali inasomeka N 9311850.40 na E 797640.20.

Hapo hapo kuna la kuangalia. Jedwali limetanguliza Kaskazini, wakati QGIS inataka X kwanza, na X ni Mashariki. Unapopakia CSV kupitia `Add Delimited Text Layer`, hakikisha `X field` ni safu ya E na `Y field` ni safu ya N. Kwa eneo letu haihitaji kubahatisha: namba inayoanza na 93 ndiyo Kaskazini, na yenye tarakimu sita kabla ya nukta ndiyo Mashariki.

Chini ya hapo kuna kisanduku cha `Geometry CRS`, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtu anataka leya ya WGS 84, kwa hiyo anachagua EPSG:32736, msimbo wa kimataifa wa mfumo wa WGS 84 / UTM zone 36S. Lakini kisanduku hicho hakikuulizi unataka nini. Kinakuuliza namba zilizomo kwenye faili zimeandikwa katika mfumo gani. Namba zetu ni za Arc 1960, kwa hiyo jibu ni EPSG:21036, yaani Arc 1960 / UTM zone 36S. Soma pembezoni mwa ramani ya upimaji kabla ya kujibu, kwa sababu mara nyingi datumu na kanda huandikwa pale.

Ukishaitambulisha leya kwa usahihi, QGIS yenyewe huigeuza wakati wa kuichora, na bikoni zinakaa mahali pake juu ya picha hata kama projekti yako iko kwenye mfumo mwingine. Hujabadilisha namba hata moja. Kubadilisha namba zenyewe ni kazi nyingine, na inafanywa kwa `Reproject Layer` iliyo chini ya `Vector`, `Data Management Tools`. Hiyo ndiyo inayotengeneza faili jipya lenye koodineti mpya, na utaihitaji pale unapotaka kupeleka nukta kwenye GPS au kumkabidhi mtu ambaye kazi zake zote ni za WGS 84. `Set Layer CRS` inabadilisha jina la mfumo tu, namba zinabaki zilezile. Ukiitumia kwa nia ya kugeuza, unaipa leya utambulisho wa uongo.

Kuna zaidi ya njia moja ya kugeuza

Unapotoka Arc 1960 kwenda WGS 84, QGIS inaweza kukufungulia dirisha la `Select Transformation` lenye mistari kadhaa. Usibonyeze OK kwa mazoea. Mstari wa `Arc 1960 to WGS 84 (1)` unatumia namba za wastani kwa Kenya na Tanzania pamoja: -160, -6 na -302. Mstari wa `(3)`, wenye msimbo EPSG:1285, ni wa Tanzania peke yake: -175, -23 na -303. Hizo ni mita za kusogeza kitovu katika mihimili mitatu ya X, Y na Z. Usahihi uliotangazwa kwa ule wa kwanza ni mita 35, na kwa ule wa Tanzania ni mita 15. Mimi natumia wa Tanzania. Kwa Dodoma njia hizo mbili zinatofautiana kwa mita kama 6, ambazo kwenye ramani ya wilaya hutaziona, lakini kwenye mpaka wa kiwanja cha makazi ni upana wa njia nzima.

Kama dirisha halitokei, nenda `Settings`, `Options`, kwenye sehemu ya mifumo ya koodineti, uwashe chaguo la kuulizwa kila panapokuwa na njia zaidi ya moja. Njia uliyoichagua utaiona pia kwenye `Project Properties`, ukurasa wa `Transformations`. Huwa naikagua pale kila ninapopokea projekti ya mtu mwingine, maana leya mbili zilizotoka kwenye jedwali moja zinaweza kuachana kwa mita kadhaa kwa sababu tu kila mtu alibonyeza mstari wake.

Kwa bikoni yetu, baada ya kugeuza tunatarajia Mashariki iwe karibu 797717 na Kaskazini karibu 9311544. Unaweza kuhakiki bila kutengeneza faili jipya. Fungua kikokotoo cha safu kwenye leya ya Arc, andika hivi, kisha tazama jibu la mfano linalotokea chini:

```
x(transform($geometry, 'EPSG:21036', 'EPSG:32736'))
```

Weka `y` badala ya `x` upate Kaskazini. Kama jibu ni lilelile la 797640.20, basi hakuna datumu iliyogeuzwa, rudi nyuma ukatafute ulipokosea.

Mita chache zilizobaki

Sasa bikoni zimekaa karibu na nukta za GPS, lakini hazijagusana. Zimebaki mita nne, tano. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya GPS ya mkononi, sehemu ni ya picha ya setilaiti ambayo nayo haikukaa sawasawa, na sehemu ni ya njia ya kugeuza. Kusogeza kitovu kwa namba tatu kunachukulia kuwa mtandao wote wa zamani wa nchi ulihama kwa kipimo kimoja, na haukuhama hivyo. Ndiyo maana usahihi wake ni mita 15. Ukiongeza tarakimu tatu baada ya nukta kwenye jedwali la matokeo, hujaongeza usahihi wowote.

Kwa hiyo swali la uzio wa mwenye shamba halijibiki hapa. Kama uzio umeingia mita 40 kwa jirani, ndiyo, utauona. Kama ugomvi ni wa mita mbili, lazima mpima ardhi aende na kifaa cha RTK, yaani GPS inayopima kwa usahihi wa sentimita, atafute bikoni za zamani ambazo bado zipo ardhini, azipime kwa WGS 84, kisha alinganishe na namba za jedwali baada ya kugeuzwa. Tofauti ikiwa ileile kwenye bikoni tatu au nne, huo ni mhamo wa eneo lile, na unaweza kuuondoa kwenye leya yote kwa `Translate`. Tofauti ikiwa hii hapa na nyingine pale, usilazimishe. Huenda bikoni moja iling'olewa ikapandwa upya, au namba ilinakiliwa vibaya kwenye jedwali.

Mshale ukigeuka

Kuna wakati mhamo ni uleule wa mita 300 na kidogo, ila unaelekea kusini na kidogo mashariki. Hapo data ilikuwa tayari ni WGS 84 na mtu akaitambulisha kama Arc 1960, kwa hiyo imegeuzwa mara ya pili bila haja.

Chanzo kikubwa ninachokutana nacho ni GPS ya mkononi iliyowekewa Arc 1960 kwenye mipangilio yake. Kijana anasoma kioo na kuandika daftarini, na namba hizo kweli ni za Arc. Jioni anapakua faili la GPX kutoka kifaa hichohicho, anaona mipangilio inasema Arc 1960, na anaitambulisha leya hivyo. Lakini GPX hubeba latitudo na longitudo za WGS 84 siku zote, kioo kiwe kinaonyesha nini. Daftari litambulishwe kama EPSG:21036, na GPX iachwe kwenye EPSG:4326 kama QGIS inavyoisoma yenyewe.

Mhamo ukiwa wa mamia ya kilomita, hilo si suala la datumu, ni kanda. Mpaka wa kanda ya 36 na 37 ni longitudo 36, mashariki kidogo tu ya jiji. Dodoma mjini na Bahi ziko kanda ya 36, Kongwa na Mpwapwa ziko ya 37. Bikoni za Kongwa ukizitambulisha kama 21036 badala ya 21037, zitakwenda kukaa magharibi ya Mpanda.

Mwisho wa kazi hii huwa nabaki na faili mbili, la asili ambalo siligusi na lililogeuzwa, kila moja likiwa na msimbo wake kwenye jina: `bikoni_arc1960_21036.csv` na `bikoni_wgs84_32736.gpkg`. Kwenye maelezo ya hilo la pili naandika EPSG:1285, ili atakayelifungua ajue lilipita njia ipi.