Kazi ishafanywa, silipi vipi?

"Fundi amekadiria 18,000, bili imekuja 31,500, anasema vitu vilikuwa vimeisha akabadilisha. Kazi ishafanywa na gari iko kwake, si lazima nilipe tu?"

La, si lazima. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya Kenya ya 2012 ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari, na garage ikishakupa makadirio haiwezi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa 18,000 hapo mwisho ni 19,800. Lakini watu wa Changamwe wengi, mafundi na wenye gari, wanakosea papo hapo: hiyo 10 ni ya kazi mliyokubaliana, tuseme brekipedi na diski za mbele zimepanda bei, si leseni ya kuongeza kazi mpya. Shokapu ambazo hukuambiwa, hata kama kweli zilikuwa zinavuja, hazidaiwi, maana kazi ambayo hukuidhinisha haitozwi.

Sasa usije ukaichukua gari kwa ubabe, fundi ana haki ya kuizuia mpaka alipwe ile kazi halali. Lipa hiyo kwa M-Pesa, mtumie meseji kwamba zilizobaki unazipinga na kwa nini, omba bili iliyochanganuliwa na spea zako kuukuu, ukiambiwa shokapu zilikuwa zinavuja na ukazikuta bado kavu hazina hata tone la oili basi ushajua. Akigoma kuitoa gari, Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai mpaka shilingi 1,000,000, na wakili si lazima.