Trei ya chumba 412: dhana potofu kuhusu kumpelekea mgeni chakula chumbani

Wengi hudhani anayepokea oda kwa simu kazi yake ni kuandika tu. Makosa mengi huanzia hapo hapo. Mgeni wa chumba 412 akisema "mayai mawili, tosti na chai", oda bado haijakamilika. Mayai ya kukaanga au ya kuchemsha? Kiini kiive au kibaki laini? Chai ya rangi au ya maziwa, na mko wangapi? Hilo la mwisho husahaulika sana, nalo ndilo linaloamua idadi ya vikombe. Kisha umsomee oda yote tangu mwanzo pamoja na namba ya chumba, na umtajie muda wa kweli. Ukimwahidi dakika 15 na jiko limezidiwa, utamkuta ameshanuna.

Dhana nyingine ni kwamba trei hupangwa chakula kikishaiva. La, hupangwa mpishi akiwa bado anakaanga. Unatandika kitambaa kisichoteleza, unaweka leso, kisu, uma, vijiko, chumvi, sukari, siagi na jemu. Birika, kwa kuwa ni zito, hukaa upande ulio karibu na mwili wako, mdomo wake ukielekea ndani ili lifti ikishtuka chai isimwagike nje. Mayai na tosti huja mwisho kabisa, vikiwa vimefunikwa. Kabla hujaondoka, soma karatasi ya oda ukigusa kitu kimoja kimoja. Nilipoanza kazi hii nilimpelekea mzee mmoja uji bila kijiko. Niliporudi nacho kutoka chini, uji ulikuwa umeshafanya utando juu, ikabidi upikwe mwingine.

Wapo pia wanaoamini kuwa mgeni akishasaini bili kazi imekwisha, na vyombo atavitoa mwenyewe mlangoni. Trei iliyoachwa koridoni huvuta sisimizi na mende, na umeme ukikatika mtu hujikwaa juu yake. Ndiyo maana kabla ya kuaga unamwambia mgeni namba ya kupiga akimaliza. Kwenye daftari unaandika chumba, saa ya kupeleka na vyombo vilivyomo. Ikipita saa moja hivi hajapiga, unapiga wewe au unapita. Ukikuta kibao cha "Usisumbue", usibishe hodi. Andika daftarini, umkabidhi mwenzako wa zamu inayofuata.

Unapotoa trei, hesabu vyombo papo hapo kwa kufuata daftari, usisubiri ufike kwa waosha vyombo. Kijiko kikikosekana, usiwe mwepesi wa kumshuku mgeni. Kunjua kwanza leso aliyofutia mikono, maana mara nyingi kijiko kimeviringwa humo, na usipoikung'uta kitaishia kwa dobi.