Hundi kurudishwa si lazima iwe imedunda

Wiki iliyopita, pale sokoni Kibaigwa, mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa alizeti alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba hundi ya mnunuzi wao imedunda. Alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mizani, na mnunuzi mwenyewe hakuwepo ajitetee. Nikamwomba anionyeshe karatasi aliyopewa benki. Ilisema maneno na tarakimu hazilingani. Neno la akaunti kukosa fedha halikuwemo kabisa.

Kukagua hundi ni kuisoma kabla hujaipeleka benki: tarehe, jina la anayelipwa, kiasi kwa maneno, kiasi kwa tarakimu, na saini. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachonikera ni hilo neno kudunda.

Neno hundi tumelipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kama tulivyopata laki. Kwao hundi ilikuwa barua: mfanyabiashara wa mji mmoja anamwandikia mwenzake wa mji mwingine, mlipe fulani kiasi hiki. Aliyeipokea barua alilipa kwa kuamini maandishi, kwa hiyo jina au kiasi kikiwa na utata, hana la kulipa hata kama sanduku lake limejaa fedha. Cheki nayo, tuliyoichukua kwa Kiingereza, ilianza kama jina la kile kipande kinachobaki kitabuni ili kulinganishia na kuzuia kughushi. Maneno yote mawili, basi, yanahusu maandishi yanayosomwa na kuhakikiwa.

Kudunda ni neno la mpira. Ukiupiga chini, unarudi. Kwa kuwa kila hundi inayokataliwa hurudi, watu wanaona zote zimedunda. Lakini mtu akisikia hundi ya fulani imedunda, anaelewa jambo moja: aliandika hundi akiwa hana fedha. Hilo ni doa kwa mfanyabiashara. Hundi iliyorudi kwa kosa la kuandika haisemi lolote kuhusu fedha zake.

Tuitazame ile ya Kibaigwa. Kwenye kisanduku palikuwa na 2,450,000. Kwenye mstari wa maneno: shilingi milioni mbili na elfu arobaini na tano tu. Hiyo ni 2,045,000. Mwandishi aliruka laki nne na hamsini elfu akatua kwenye elfu arobaini na tano, na tofauti yake ni 405,000. Mzee mmoja pale akasema kisheria maneno ndiyo yanayoshinda, kwa hiyo benki ilipaswa kulipa. Kanuni hiyo ipo kweli katika sheria ya hundi tuliyoirithi kwa Waingereza, nayo husaidia watu wakibishana kuhusu deni. Dirishani mambo ni mengine: benki haitaki kubahatisha mteja wake alikusudia kiasi kipi, hivyo huirudisha. Na hata ingelipa kwa maneno, kikundi kingepungukiwa 405,000. Njia ya kuigundua ni kufunika kisanduku kwa kidole, kusoma maneno peke yake, kuyaandika kwa tarakimu kwenye karatasi nyingine, kisha kufunua. Ukianza na tarakimu, macho yatasoma maneno unayoyatarajia.

Tarehe ina mtego wake Januari. Mkono umezoea mwaka uliopita, na hundi iliyoandikwa leo inaonekana ina umri wa mwaka mzima, wakati benki kwa kawaida hukataa iliyopita miezi sita. Ikiwa na tarehe ya mbele, subiri siku hiyo ifike. Jina liwe lile la akaunti. Hundi ya kikundi isiandikwe jina la mwenyekiti, hasa ikiwa imepigwa mistari miwili ya kulipa kwenye akaunti ya mlipwaji pekee.

Saini ndiyo usiyoweza kuikagua yote. Huna sampuli iliyoko benki, kwa hiyo huwezi kujua kama inafanana. Unachoweza kuona ni kama ipo, na kama hundi ni ya kampuni au ushirika, kama nafasi zote za saini zimejazwa. Nimeshaona hundi yenye saini ya mhasibu peke yake, na ya mkurugenzi ikiwa bado mstari mtupu.

Kwa hiyo, dada yangu wa Kibaigwa, hundi yenu ilirudishwa kwa dosari ya maandishi. Mpigie mnunuzi umwambie hivyo hivyo, umtajie na zile 405,000, kisha umwombe aandike nyingine mpya badala ya kufuta juu ya hii. Na wale wenzako uliowaambia pale mizani, waambie nao.